Njoo Kaaga Jumamosi, ila Usije Umetafuna

Popote ulipo, iwe ni jikoni ukisubiri chai ichemke, iwe ni kwenye matatu ukiteremka mjini, nipe sikio lako kwa dakika chache. Kama kuna kalamu karibu, ishike. Kama hakuna, mwite mtoto akukumbushie, maana watoto hawasahau tarehe.

Nimeletewa tangazo. Limeandikwa kwa mkono kwenye nusu karatasi ya daftari, nalo lina mistari mitatu tu. Nalisoma kama lilivyo: “Vipimo vya afya bila malipo. Jumamosi, Kaaga. Nyote mnakaribishwa.”

Basi. Sekunde kumi, limekwisha. Ningeweza kulisoma hivyo, nikaweka wimbo, na kazi yangu ingekuwa imetimia. Lakini nililisoma mara ya pili, nikaona kwamba mtu anaweza kulitii tangazo hili kwa moyo wake wote, akafika mapema, akapimwa, na bado akarudi nyumbani na namba ya uongo mfukoni. Kosa halitakuwa lake wala la muuguzi. Litakuwa la tangazo. Nikaondoka na karatasi yangu, nikaenda kuwauliza wanaoandaa siku hiyo. Leo tulifungue tangazo hili neno kwa neno, na tukifika mwisho tuliandike upya pamoja.

Tuanze na neno Jumamosi. Ni Jumamosi hii inayokuja, tarehe 17 Mei 2025, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Tarehe hiyo haikuokotwa tu. Tangu mwaka 2006, tarehe 17 Mei ni Siku ya Shinikizo la Damu Duniani, ile tunayoiita presha. Mwaka huu imeangukia Jumamosi, siku ambayo mwalimu hayuko darasani na karani hayuko ofisini. Najua kuna ndugu zetu Wasabato ambao Jumamosi wako ibadani. Hao nitawarudia, wasizime redio.

Neno la pili ni Kaaga. Ni kwenye uwanja wa kanisa hapa Kaaga. Anayetoka Meru mjini apande gari la Kaaga, amwambie utingo amshushe kanisani. Ni safari fupi. Kutakuwa na mahema mawili. Hema la kwanza lina viti tu, na ukifika utakaa hapo bila kufanya chochote. Usiudhike. Kukaa huko ni sehemu ya kipimo, na baada ya dakika chache utaelewa kwa nini.

Sasa neno vipimo. Watu wakisikia vipimo vya afya bila malipo, wanatarajia kupimwa kila kitu kuanzia utosini hadi unyayoni. Jumamosi vinapimwa vitu viwili: presha na sukari. Viwili tu. Nilipouliza mbona viwili tu, muuguzi mmoja mstaafu aliyekuwa akihesabu kadi alinijibu bila kuinua macho.

“Mwalimu, hivi viwili tunaweza kuvipima vizuri chini ya hema. Vingine vinataka maabara, vinataka kitanda na pazia. Kupima vibaya ni afadhali usipime.”

Jibu hilo lilinikumbusha jambo tunaloliona sokoni na kwenye stendi za magari. Mtu anaweka meza, kompyuta ndogo na kijiti cha chuma. Unashika kijiti kwa dakika moja, kisha inachapishwa orodha ndefu: ini lako limechoka, figo zina taka, mifupa haina madini, neva zina udhaifu. Kupimwa ni bure. Lakini pembeni ya meza kuna makopo ya dawa za lishe, na kila ugonjwa uliotokea kwenye karatasi una kopo lake. Msikilizaji, hakuna kijiti cha kushika mkononi kinachoweza kuona figo. Sukari hupimwa kwa tone la damu. Presha hupimwa kwa mkanda uliofungwa kwenye mkono. Ukitaka kutofautisha siku ya vipimo na siku ya mauzo, angalia unapotoka: umepewa barua ya kwenda zahanati, au umeuziwa kopo?

Tukae kidogo kwenye presha, maana hapo ndipo tangazo lile lilipopungukiwa zaidi.

Presha ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa. Husomwa kwa namba mbili. Ya juu ni wakati moyo unaposukuma, ya chini ni wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima akipatikana na 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini, katika siku mbili tofauti, huyo husemwa ana presha ya juu. Zingatia maneno haya: siku mbili tofauti. Namba ya siku moja ni dokezo, haijawa hukumu.

Kwa nini siku mbili? Kwa sababu presha si kama urefu. Urefu wako saa mbili asubuhi ni karibu sawa na urefu wako saa tisa alasiri. Presha hupanda na kushuka mchana kutwa. Ukipanda mlima inapanda. Ukigombana na kondakta kuhusu chenji inapanda. Ukibanwa na mkojo inapanda. Hata kuongea tu huku mkanda ukijaa upepo kunaweza kuongeza pointi kadhaa, wakati mwingine kumi au zaidi.

Na hapa Meru, na kwa jirani zetu wa Embu, kuna kitu kingine tunachokijua vizuri kuliko watu wa kwingine. Miraa. Na kule Mbeere, muguka. Mimi sikuja hapa kuhubiri juu ya miraa. Najua imesomesha watoto wa Igembe na Tigania, na huenda hata karo yangu ilipitia huko. Nazungumzia kipimo tu. Dawa iliyo ndani ya majani yale, ile inayokufanya usilale, huufanya moyo uende mbio na mishipa ibane. Kwa saa kadhaa baada ya kutafuna, presha yako si yako, ni ya miraa. Ukija Jumamosi na shavu limejaa, au ukiwa umekesha nayo usiku kucha, mashine itasoma kile ulichotafuna. Basi ombi ni hili: tangu Ijumaa jioni, weka kando. Na kama umeshindwa, usijifiche. Mwambie muuguzi, “Sista, nilitafuna hadi saa tisa usiku.” Ataandika hivyo kando ya namba, na namba itaeleweka.

Sigara nayo ni hivyo hivyo. Chai na kahawa pia, angalau nusu saa kabla ya kupimwa. Najua Kaaga asubuhi kuna baridi na chai inaita, lakini vumilia.

Na kwa kuwa nimetaja baridi, kuna jambo la nguo. Mwezi wa Mei watu wa Kaaga hutoka nyumbani na sweta, na juu ya sweta koti. Mkanda wa kupimia presha unatakiwa kugusa ngozi. Mtu akifika na sweta nzito, hufanya moja kati ya makosa mawili. Ama mkanda unafungwa juu ya sweta, na namba inapotoka. Ama mkono wa sweta unakunjwa juu hadi unabana kama kamba, na namba inapotoka tena. Vaa nguo yenye mkono mfupi ndani, kisha vaa sweta la kuvua kwa urahisi. Kina mama, hili hasa ni lenu: gauni lenye mkono wa kubana litawasumbua.

Sasa tumfuate mtu mmoja tuone kipimo kinavyokwenda. Ni mtu wa mfano, hayupo, lakini nina hakika wote tunamjua. Ana miaka 52. Ana shamba dogo la kahawa na migomba. Haumwi kichwa, hajalazwa hospitali tangu azaliwe, na anaamini kwamba presha ni ugonjwa wa watu wenye mawazo mengi. Mkewe amemlazimisha kuja.

Anafika saa tatu na dakika kumi. Ametembea, tena kwa kasi, maana kadi yake ya nafasi, ambayo nitaieleza baadaye, inasema saa tatu. Anataka apimwe mara moja aende zake. Kama angepimwa palepale, mashine ingesoma, tuseme, 164 kwa 98. Angeambiwa ana presha kali, angepata hofu, na hofu ingeongeza nyingine.

Badala yake anaambiwa aende msalani kwanza. Kisha anakalishwa kwenye hema la viti. Dakika tano. Mgongo umeegemea kiti, nyayo mbili ziko chini, miguu haijapandana, simu iko mfukoni. Haongei. Baada ya hapo anahamia kwenye meza. Mkono wake uko wazi, umelazwa juu ya meza, kiasi kwamba mkanda uko sawa na moyo. Muuguzi anautazama mkono, anaona ni mnene kwa kazi ya jembe, anachukua mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo. Ukiona mkanda unakataa kushika, au unafunguka wenyewe ukijazwa upepo, una haki ya kusema, “Sista, huu naona ni mdogo.”

Anapimwa mara tatu, kwa kupumzika dakika moja kila baada ya kipimo. Cha kwanza kinasoma 156 kwa 96. Cha pili, 148 kwa 92. Cha tatu, 144 kwa 90. Unaona namba zinavyoteremka? Si kwamba mashine imeharibika. Ni mwili unaozoea. Cha kwanza kinaachwa, vile viwili vya mwisho vinachukuliwa wastani: 146 kwa 91. Hiyo ndiyo namba inayoandikwa kwenye kadi yake.

Sasa je, huyu mzee ana presha ya juu? Jibu la Jumamosi ni: huenda. Hapewi dawa siku hiyo. Anapewa barua ya kupeleka kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, arudie kipimo siku nyingine, ndani ya wiki mbili. Akienda, akapimwa hivyo hivyo kwa utulivu, na namba ikabaki 140 au 90 kwenda juu, hapo mhudumu atamwambia waziwazi kwamba ana presha, na ataanza kuzungumza naye kuhusu chumvi, kuhusu uzito, na pengine kuhusu kidonge kimoja kwa siku. Akienda namba ikawa 128 kwa 80, atashukuru, na atapima tena baada ya muda.

Palipo na hatari katika hadithi hii ni hapo katikati, kati ya barua na zahanati. Mzee anarudi nyumbani. Haumwi kitu. Jumatatu kuna kahawa ya kupeleka kiwandani. Jumanne kuna kikao cha harusi. Barua inawekwa juu ya kabati, karibu na risiti za mbolea, na inakaa hapo. Mwaka mmoja, miwili, mitano. Presha haimuumizi, inamla tu polepole, kwenye figo, kwenye macho, kwenye moyo, hadi asubuhi moja anaamka mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umeenda upande.

Ndiyo maana wanaoandaa Jumamosi hii wameamua jambo nililolipenda. Kila barua itakuwa na nakala. Moja unaenda nayo wewe, ya pili anabaki nayo mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Baada ya wiki mbili atakuja kubisha mlangoni, akuulize, “Baba, ulienda?” Wahudumu hawa unawajua. Serikali ilizindua mpango wao kitaifa mwezi Septemba 2023, takriban laki moja nchi nzima, kila mmoja na nyumba zake, karibu mia moja. Wengi wana mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari.

Na hapa ndipo nawarudia ndugu zangu Wasabato, na yeyote ambaye Jumamosi haimfai. Usisubiri mwaka ujao. Mwambie mhudumu wa afya ya jamii apitie kwako siku ya wiki, au nenda zahanati. Mkanda ni ule ule na zile dakika tano za kukaa kimya ni zile zile.

Tugeukie sukari, kwa kifupi. Sukari hupimwa kwa tone la damu kutoka pembeni ya kidole. Kuna kupima ukiwa hujala, na kuna kupima wakati wowote. Kupima ukiwa hujala hueleza zaidi. Anayetaka hivyo achukue kadi ya mapema, saa mbili hadi saa nne asubuhi, na Ijumaa asile kitu baada ya saa nne usiku. Maji matupu anywe. Chai isiyo na sukari lakini ina maziwa pia ni chakula, usijidanganye. Ukiwa hujala kwa saa nane au zaidi, sukari chini ya 6.1 iko sawa. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Kuanzia 7.0 unapewa barua ukarudie siku nyingine, kama ilivyo kwa presha.

Lakini sikiliza sana: kama tayari unajulikana kuwa na kisukari, na unajidunga insulini au unameza vidonge vyake, usije na njaa. Kula kama kawaida, meza dawa kama kawaida, chukua kadi ya baadaye. Mgonjwa wa sukari aliyejidunga kisha akakaa na njaa kwenye foleni anaweza kuanguka. Vivyo hivyo mwenye presha anayemeza dawa: zimeze asubuhi hiyo. Wapo watu huacha dawa ili “mashine ione ukweli.” Ukweli tunaoutaka ni kama dawa zako zinafanya kazi.

Kuna mtego mmoja mdogo kwenye sukari, nao unahusu vidole. Tuseme mama wa miaka 47 anakuja na mjukuu. Yeye hajala tangu jana, amefuata masharti yote. Wakiwa kwenye hema la viti, mtoto analia njaa, na mama anammenyea chungwa. Anapofika mezani, kidole kinachomwa, mashine inasoma 10.8. Mama anashtuka hadi machozi. Muuguzi anamuuliza, “Mama, umeshika nini?” Anapelekwa kunawa mikono kwa maji na sabuni, anaikausha vizuri, kidole kingine kinachomwa. 5.6. Sukari ile ilikuwa ya chungwa, haikuwa ya damu. Kwa hiyo kutakuwa na ndoo ya maji kabla ya meza, na hakuna atakayechomwa kidole bila kunawa. Kupangusa tu kidole kwa pamba yenye spiriti hakutoshi kuondoa utomvu wa tunda.

Sasa lile neno nyote. Hili ndilo lililonikera zaidi kwenye tangazo, kwa sababu linasikika kama ukarimu, lakini nyote wakija, wanaohitaji zaidi watakosa nafasi. Kwa hiyo niseme ni nani hasa anayengojewa. Kwanza, kila mtu wa miaka 40 kwenda juu ambaye hajapimwa mwaka huu. Pili, walio chini ya hapo lakini mzazi, kaka au dada ana presha au kisukari, au uzito umepanda hasa kiunoni. Tatu, kina mama ambao walipokuwa wajawazito waliambiwa wana presha au sukari. Wengi walijifungua salama, wakasahau. Mwili haukusahau; hao wana hatari kubwa zaidi ya kuyapata magonjwa hayo baadaye.

Na wa nne ni wanaume. Sina haja ya kueleza. Ukipita hospitali yoyote siku ya kliniki utaona ni nani amejaa kwenye viti. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Na wale waliopatikana na presha ya juu walikuwa karibu mmoja kati ya kila wanne. Ukiketi kwenye baraza la wazee wanane, hesabu mwenyewe.

Kuna wasiotakiwa kungoja Jumamosi. Mama mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona maruerue au aliyevimba uso na mikono, aende hospitali leo. Mtu mwenye maumivu ya kifua, anayekosa pumzi, au ambaye upande mmoja wa mwili umekufa ganzi ghafla, aende hospitali sasa hivi, azime redio aende. Hema si mahali pake. Na mtu ambaye Jumamosi atapatikana na 180 kwa 120 au zaidi, hata baada ya kupumzika na kurudiwa, hatapewa barua ya wiki mbili. Kama ana dalili yoyote kati ya hizo, ataondoka kwa gari kwenda hospitali. Kama hana, ataonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Limebaki neno bila malipo. Kupimwa Jumamosi ni bure, barua ni bure, ushauri ni bure. Hakuna kitu kitakachouzwa uwanjani. Lakini swali la mtu mwenye akili ni: nikikutwa nacho, je? Hapo ndipo SHA inapoingia. Mtu aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii anastahili kuhudumiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo, hata kama hajaanza kuchangia. Akipandishwa hospitali kubwa, hapo michango ndiyo inayohesabiwa. Kama hujajisajili, piga *147# kwenye simu yako, fuata maelekezo, uwe na kitambulisho mkononi. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi, maana barua bila usajili inaweza kukugharimu siku nzima kwenye foleni.

Lakini tusichanganye. Kujisajili kwa SHA ni jambo moja. Kuchukua nafasi ya Jumamosi ni jambo jingine, nalo halifanyiki kwa simu. Unamwendea mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au unapita kwenye ofisi ya kanisa hapa Kaaga, kuanzia leo Jumatatu hadi Alhamisi saa kumi jioni. Unasema jina, mwaka wa kuzaliwa, kijiji, na kama tayari unatumia dawa yoyote. Unapewa kadi yenye namba na saa.

Mbona kadi? Hesabu yake ni rahisi. Mtu mmoja mezani, kwa vipimo vitatu na mapumziko yake na kuandika, huchukua dakika tano. Meza moja basi ni watu 12 kwa saa. Meza ziko nne, saa ni sita. Ukizidisha unapata watu 288. Wakija wote saa mbili asubuhi, zaidi ya watu 250 watakuwa wamesimama juani wakisukumana, na mtu aliyesimama akisukumwa kwa saa tatu, presha yake nimeshaieleza. Kadi inafanya foleni iwe viti. Asiye na kadi hatafukuzwa, lakini atangoja hadi nafasi ipatikane, pengine baada ya saa saba.

Njoo na vitu vitatu: kadi yako, kitambulisho, na dawa zako ndani ya pakiti zake, si kwenye mfuko wa karatasi. Kidonge cheupe kisicho na jina hakimwambii muuguzi kitu.

Basi, msikilizaji, nilikuahidi tutaliandika tangazo upya. Nimeigeuza ile nusu karatasi nikaandika nyuma yake. Nasoma polepole, kalamu tayari:

Kupimwa presha na sukari, bila malipo. Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, uwanja wa kanisa, Kaaga. Waje wenye miaka 40 na zaidi, wenye ndugu aliye na presha au kisukari, walioongezeka uzito, na kina mama waliopata presha au sukari wakiwa wajawazito. Chukua kadi kwa mhudumu wa afya ya jamii au ofisi ya kanisa, mwisho Alhamisi saa kumi jioni. Usitafune tangu Ijumaa jioni. Vaa nguo yenye mkono mfupi ndani. Dawa zako meza kama kawaida, kisha uje nazo. Ukipewa barua, iende zahanati, isilale juu ya kabati.

Ni maneno mengi kuliko mistari mitatu. Nilimrudishia yule muuguzi, akalisoma, akachukua kalamu yangu na kuongeza sentensi moja chini kabisa kwa herufi kubwa. Nami sina ruhusa ya kuiacha: “UKIFIKA, NENDA MSALANI KWANZA.”

Tuonane Jumamosi. Mimi kadi yangu ni ya saa nne, na nimeshawaambia nyumbani sweta langu zito lifichwe.